Barua ya Mwaliko: Mama Anapokwenda Uingereza Kumwona Mjukuu

Wazazi wengi wa Kitanzania na Kikenya wanaonyimwa viza ya kwenda kuwatembelea watoto wao Uingereza huwa na barua ya mwaliko ndani ya maombi yao. Mara nyingine barua yenyewe ni ndefu, imepigwa chapa vizuri, na imejaa sifa za mama aliyesomesha watoto kwa shida na sasa anastahili kupumzika. Afisa wa viza anaisoma, kisha anakataa. Sifa za mama hana shida nazo. Anachotafuta ni mambo matatu: mgeni anakwenda kufanya nini, anafika na kuondoka lini, na gharama zinatoka mfukoni mwa nani. Barua isipoyajibu, au ikiyajibu kwa namna inayopingana na karatasi nyingine, uzuri wa maneno hauisaidii.

Ili jambo hili lieleweke, makala haya yanafuata maombi ya mfano. Watu wake ni wa kutunga, lakini kanuni wanazokutana nazo ni za kweli. Mama ana umri wa miaka 58, anaishi Moshi na anauza nguo za mtumba katika soko la Memorial. Baba yupo, ana shamba la kahawa na migomba huko Kibosho. Binti yao mkubwa anaishi Leicester, anafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee, na mumewe ni dereva katika ghala la bidhaa. Mtoto wao wa kwanza anatarajiwa mwishoni mwa Aprili 2026, na binti anataka mama yake awe karibu wiki za mwanzo.

Kwanza ni vizuri kujua barua hiyo inakaa wapi. Anayeomba viza ni mama, si binti. Fomu hujazwa kwenye mtandao wa serikali ya Uingereza, ada hulipwa hapohapo (mwaka 2025 ada ya viza ya matembezi ya hadi miezi sita ilikuwa pauni 127), kisha mama huenda kituo cha maombi kuchukuliwa alama za vidole na picha. Nyaraka hupakiwa kwenye mfumo. Kanuni za uhamiaji za Uingereza haziilazimishi familia kuwa na barua ya mwaliko. Mtu anaweza kuomba bila barua na akapewa viza. Barua ni ushahidi wa mwenyeji, na afisa huuweka mezani pamoja na ushahidi mwingine. Kwa kawaida mama hataitwa kuhojiwa. Afisa atakayeamua hatamwona uso kwa uso wala hataisikia sauti yake, kwa hiyo karatasi ndizo zitakazosema.

Karatasi zenyewe ni za aina tatu. Kuna fomu aliyojaza mama, kuna barua ya binti, na kuna vithibitisho kama taarifa za benki, hati za mshahara na vyeti. Afisa huzisoma kwa kuzilinganisha. Familia nyingi huandika barua kwanza, kisha fomu inajazwa na mtu mwingine siku nyingine, mara nyingi kijana wa stesheneri anayelipwa kwa kazi hiyo, bila kuwa na barua mbele yake. Hapo ndipo barua inasema wiki sita na fomu inasema miezi mitatu.

Kipimo anachotumia afisa kimeandikwa katika kanuni zinazoitwa Appendix V, kifungu V 4.2. Mgeni anatakiwa amridhishe afisa kwamba ataondoka Uingereza ziara ikiisha. Kwamba hataifanya Uingereza kuwa makazi yake kwa kuja mara kwa mara. Kwamba sababu aliyoitaja ni ya kweli na inaruhusiwa kwa mgeni. Kwamba hatafanya mambo ambayo mgeni amekatazwa, hasa kazi. Na kwamba zipo fedha za kutosha gharama zote, pamoja na nauli ya kurudi, bila kufanya kazi wala kutumia misaada ya serikali. Kifungu kinachofuata, V 4.3, kinamruhusu mtu mwingine kulipia, mradi uhusiano wake na mgeni ni wa kweli, yeye mwenyewe yupo kihalali, na ana uwezo na nia ya kumhudumia mgeni kwa muda wote wa ziara. Barua nzuri inajibu vifungu hivyo kwa lugha ya kawaida, hata kama haivitaji.

Tuanze na sababu ya safari, maana katika maombi ya aina hii ndiyo yenye mtego.

Kwa desturi zetu, mama anapokwenda kwa binti aliyejifungua, hakuna anayeuliza anakwenda kufanya nini. Anakwenda kumkanda, kumpikia mtori na uji, kumshika mtoto usiku ili mzazi alale, na kumfundisha kuogesha kichanga. Binti anaweza kuandika kwa nia njema kabisa: “Mama anakuja kunilelea mtoto ili nirudi kazini.” Sentensi hiyo ni hatari. Kwa afisa, mtu anayekaa na mtoto ili mzazi akafanye kazi anafanana na yaya, na yaya ni mfanyakazi, naye mgeni haruhusiwi kufanya kazi, awe analipwa au halipwi. Sentensi hiyo pia inaibua swali la pili: kama mama akirudi Moshi baada ya wiki sita, mtoto atalelewa na nani? Afisa anaweza kuhitimisha kwamba mama hana mpango wa kurudi.

Mwongozo wa maafisa wenyewe umeligusa suala hili. Unasema ndugu anaweza kuja kumwangalia mtoto, mradi ni kwa ziara fupi na haifikii kiwango cha kuajiriwa kama mlezi. Kwa hiyo hakuna haja ya kuficha kwamba bibi atamshika mjukuu wake. Kinachotakiwa ni kueleza hali ilivyo: binti atakuwa kwenye likizo ya uzazi muda wote wa ziara, yeye na mumewe ndio walezi wa mtoto, na mama anakuja kumwona mjukuu wake wa kwanza na kuwa karibu na binti yake baada ya kujifungua. Kama mipango ya malezi baada ya likizo inajulikana, sentensi moja inatosha kuitaja.

Sababu hiyo inahitaji kithibitisho. Mjamzito nchini Uingereza hupewa na mkunga cheti kinachoitwa MATB1, kinachoonyesha tarehe anayotarajiwa kujifungua. Ndicho anachompa mwajiri wake ili apate likizo na malipo ya uzazi. Nakala ya cheti hicho, pamoja na barua ya mwajiri inayotaja tarehe za likizo, humfanya afisa aione sababu ya safari bila kulazimika kuamini maneno matupu. Kama mtoto ameshazaliwa, cheti chake cha kuzaliwa kinafanya kazi hiyohiyo.

Uhusiano nao uthibitishwe. Cheti cha kuzaliwa cha binti kinachotolewa na RITA kina jina la mama, na hicho ndicho kithibitisho bora. Tatizo ni kwamba majina yetu hubadilika njiani. Kwenye cheti cha binti mama anaweza kuwa ameandikwa “Mariamu” na jina la babu yake, kwenye kitambulisho cha NIDA na pasipoti akawa “Mariam” na jina la mumewe. Nyumbani hakuna anayeona ajabu. Afisa aliyeko mbali anaona watu wawili. Suluhisho ni kuapa mbele ya wakili au kamishna wa viapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, kuambatanisha hati hiyo na cheti cha ndoa, na binti kuandika katika barua yake mstari mmoja unaoeleza tofauti hiyo kabla afisa hajaigundua mwenyewe.

Jambo la pili ni tarehe. Barua nyingi husema “mama atakaa kwa muda wa miezi michache” au “hadi miezi sita”, kwa kuwa familia imesikia kwamba viza yenyewe hutolewa kwa miezi sita. Miezi sita ndiyo kikomo cha kawaida anachoruhusiwa mgeni. Mpango wa safari ni kitu kingine. Anayeandika kikomo badala ya mpango anamwachia afisa maswali: kwa nini miezi sita yote, na nani atauza mtumba Memorial muda huo?

Katika mfano wetu, mama anapanga kufika Jumapili tarehe 3 Mei 2026 na kuondoka Jumapili tarehe 14 Juni 2026, yaani wiki sita. Tarehe hizo zina sababu. Mtoto anatarajiwa wiki moja kabla ya mama kufika, hivyo hata akichelewa kidogo, bibi atamkuta au atakuwepo akizaliwa. Baba mtoto ana likizo fupi mwanzoni, na mama atakuwepo wakati mkwewe amerudi kazini. Mwisho wa ziara nao una sababu yake: kibanda cha Memorial kinasimamiwa na mdogo wa mama kwa muda wa wiki hizo tu. Sababu za nyumbani kama hizo ndizo zinazoipa tarehe ya kuondoka uzito, kwa sababu zinaonyesha maisha yanayomsubiri msafiri.

Maombi hayapokelewi mapema zaidi ya miezi mitatu kabla ya siku ya kusafiri, na kwa kawaida uamuzi hutoka ndani ya wiki tatu tangu mtu achukuliwe alama za vidole. Kwa tarehe hizo, mama anaweza kuomba kuanzia tarehe 3 Februari. Kuomba katikati ya Februari kunaacha nafasi ya kutosha, hata ikitokea kuchelewa. Na hapa kuna jambo linalowagharimu watu fedha nyingi: tiketi haihitajiki wakati wa kuomba. Mwongozo wa nyaraka wa serikali ya Uingereza unazitaja tiketi za ndege na nafasi za hoteli zilizowekwa miongoni mwa vitu visivyohitajika. Mgeni ataje tarehe anazokusudia na makadirio ya nauli. Tiketi inunuliwe viza ikishatoka.

Orodha hiyo ya visivyohitajika inafaa kujulikana, kwa kuwa ina vitu ambavyo familia zetu huhangaika kuvitafuta. Imo bima ya safari. Zimo picha za familia, kadi za gari, na taarifa za benki zilizotolewa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya maombi. Zimo pia bili za umeme na maji za mwenyeji, pamoja na za kodi yake ya manispaa. Vyeti vya mthibitishaji navyo vimo, kwa hiyo barua ya mwaliko ya kwenda Uingereza haihitaji muhuri wa wakili. Sahihi ya binti, tarehe, anwani yake na namba ya simu inayopatikana vinatosha.

Sasa fedha. Hapa maombi mengi huharibika kwa sababu ya mapenzi tu.

Mama ana akaunti benki, lakini haina kikubwa. Biashara yake inapita zaidi kwenye simu na mkononi. Salio lake huwa kati ya shilingi laki nne na laki nane. Binti anaona aibu kwa niaba yake, anapiga simu: “Mama, nitakuwekea milioni saba kwenye akaunti, wasije wakasema huna kitu.” Hela zinaingia Jumatatu, taarifa ya benki inachapwa Ijumaa. Afisa anayeisoma anaona akaunti iliyotulia kwa miezi mitano kisha ikaruka ghafla siku chache kabla ya maombi. Hajui hela ni za nani, zimetoka wapi, wala kama zitakuwepo wiki ijayo. Katika barua ya kukataa ataandika kwamba hakuridhika kwamba fedha hizo ni za mwombaji, na kutoka hapo ataanza kutilia shaka mengine yote yaliyosemwa.

Mama kuwa na kipato kidogo hakumzuii kupata viza kama mtu mwingine analipia. Kwa hiyo njia iliyo safi zaidi ni kila mtu kuonyesha fedha zake zilivyo. Za binti na mumewe zibaki kwenye akaunti zao, na barua iseme wao ndio wanaolipia nini. Za mama zionyeshwe kama zilivyo, hata kama ni kidogo, pamoja na kile kinachozizalisha: leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, risiti za TRA, taarifa ya miezi sita ya akaunti yake ya simu, kitabu cha kikundi chake cha hisa. Laki tatu na nusu kwa mwezi zinazoonekana zikiingia na kutoka kwa miezi sita zinamweleza mama vizuri kuliko milioni saba za siku tano.

Upande wa mwenyeji nao una swali ambalo wengi hawalifikirii. Binti yuko likizo ya uzazi. Malipo ya uzazi ya kisheria nchini Uingereza ni asilimia 90 ya wastani wa mshahara kwa wiki sita za kwanza, halafu hushuka. Katika mwaka wa fedha wa 2025/26 kiwango cha baada ya hapo hakikuzidi pauni 187.18 kwa wiki. Afisa anayeona hati za mshahara za Desemba na Januari anajua kwamba mwezi Juni kipato hicho hakitakuwepo kwa ukubwa uleule. Binti akiahidi “nitagharamia kila kitu” kwa kutegemea mshahara wake peke yake, ahadi inayumba. Katika mfano huu, basi, anayelipia anatajwa kuwa ni mke na mume kwa pamoja. Hati za mshahara za mume zinaambatanishwa, na akiba yao ya pauni 3,400 inaonyeshwa kwa taarifa za benki za miezi sita.

Hesabu yenyewe iwe wazi. Tiketi ya kwenda na kurudi kutoka Kilimanjaro hadi London imekadiriwa pauni 850. Basi la London hadi Leicester na usafiri wa mjini kwa wiki sita, pauni 150. Nyongeza ya chakula nyumbani, pauni 300. Malazi hayana gharama, kwa kuwa mama atalala chumba cha pili cha nyumba wanayopanga. Jumla ni pauni 1,300, na akiba inazitosha bila kuisha. Mama mwenyewe atalipa ada ya viza na atabeba shilingi laki tano za matumizi yake madogo. Namba hizi ni za familia hii ya mfano. Kila mwenyeji anatakiwa atoe zake, lakini mpangilio ni huo: gharama, anayelipa, na mahali fedha zilipo sasa.

Fomu ya mama nayo inauliza mambo hayohayo. Inauliza kipato na matumizi yake kwa mwezi, kiasi anachopanga kutumia katika safari, kama kuna mtu atakayechangia, ni nani, kiasi gani na kwa nini. Majibu yatoke kwenye ukurasa mmoja wa hesabu ambao binti na mama wote wanao. Fomu ikisema mchango wa binti ni pauni 500 na barua ikasema 1,300, afisa hana njia ya kujua ipi ni kweli, na si kazi yake kuchagua.

Baada ya maandalizi hayo, barua yenyewe huwa fupi. Haizidi ukurasa mmoja na nusu. Itaandikwa kwa Kiingereza, maana nyaraka ya Kiswahili italazimika kuambatana na tafsiri yenye uthibitisho wa mfasiri kwamba ni sahihi, jina lake kamili, sahihi, tarehe na mawasiliano yake. Kanuni hiyo inazihusu pia barua ya mtendaji wa kijiji na nyaraka za kikundi cha hisa. Kwa msomaji wa makala haya, sehemu kuu za barua ya binti zingesomeka hivi kwa Kiswahili:

“Leicester, 12 Februari 2026. Kwa Afisa wa Viza. Mimi ni (jina kamili), nimezaliwa tarehe (…), ni raia wa Tanzania na nina kibali cha kuishi na kufanya kazi Uingereza hadi (tarehe). Ninafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee tangu 2022. Ninamwalika mama yangu mzazi, (jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti), anayeishi Moshi, Tanzania. Katika cheti changu cha kuzaliwa jina lake limeandikwa (…). Hati ya kiapo imeambatanishwa.

“Ninatarajia kujifungua mtoto wangu wa kwanza tarehe 26 Aprili 2026. Mama anakuja kumwona mjukuu wake na kuwa nami katika wiki za mwanzo. Nitakuwa kwenye likizo ya uzazi muda wote wa ziara yake, na mimi na mume wangu ndio tutakaomlea mtoto. Anakusudia kufika tarehe 3 Mei 2026 na kuondoka tarehe 14 Juni 2026. Atarudi kwa baba yangu na kwenye biashara yake, ambayo mdogo wake anaisimamia kwa muda huo.

“Mama atakaa nasi katika nyumba ya vyumba viwili tunayopanga (anwani). Tunaishi humo watu wawili. Mimi na mume wangu tutalipia nauli ya kwenda na kurudi, usafiri na chakula, jumla tunayokadiria kuwa pauni 1,300, kutoka kwenye akiba yetu. Mama analipa ada ya viza na matumizi yake madogo. Hatafanya kazi yoyote wala hatatumia misaada ya serikali.”

Chini yake inafuata orodha ya viambatanisho: uthibitisho wa kibali cha binti, vyeti, MATB1, barua ya mwajiri, hati za mshahara za wote wawili, taarifa za benki, mkataba wa kupanga nyumba. Tangu kadi za plastiki za vibali zilipokoma kutumika mwisho wa 2024, wageni wengi wanaoishi Uingereza wana kibali cha kielektroniki, eVisa. Nakala ya ukurasa unaokionyesha ndiyo inayotumika. Mwenyeji ambaye ni raia ataweka nakala ya pasipoti yake.

Kuna jambo ambalo barua hiyo haikuliandika. Haisemi “ninahakikisha mama yangu atarudi”. Binti hana namna ya kuhakikisha jambo ambalo mtu mwingine ataamua. Uthibitisho wa kurudi hutoka upande wa mama: mumewe, leseni yake ya biashara, shamba lenye hati ya kimila au barua ya kijiji, wajukuu anaowasomesha, na safari za nje alizowahi kufanya na kurejea. Nyaraka hizo ziwe kwenye maombi ya mama, na barua ya binti izitaje kwa kifupi tu.

Mfano huu ni wa Uingereza, na si vizuri kuuhamishia nchi nyingine kama ulivyo. Kanada inatoa orodha ya mambo ya kuandika katika barua, ikiwemo tarehe ya kuzaliwa ya mwenyeji, kazi yake na idadi ya watu anaoishi nao nyumbani, na baadhi ya ofisi zake za viza hutaka barua ithibitishwe na mthibitishaji. Ujerumani huenda mbali zaidi: mwenyeji anaweza kwenda ofisi ya wageni ya mji wake, akaonyesha kipato chake na kutia sahihi hati ya kuwajibika, na serikali ina haki ya kumdai gharama ikiwa itamtunza mgeni wake, matibabu yakiwemo. Marekani iko upande wa pili kabisa. Kwa viza ya matembezi haihitaji barua ya mwaliko, na uamuzi hutegemea zaidi mahojiano ya mwombaji mwenyewe na hali ya maisha yake kwao.

Maombi yakikataliwa Uingereza, ada hairudishwi. Haki ya kukata rufaa kwa wanaokwenda kutembelea ndugu iliondolewa mwaka 2013, isipokuwa kwa hoja za haki za binadamu. Kinachobaki kwa walio wengi ni kuomba upya, na hakuna muda maalumu wa kusubiri. Kabla ya kulipa tena, barua ya kukataliwa isomwe sentensi kwa sentensi, kwa kuwa afisa huandika ni jambo gani halikumridhisha na kwa kifungu kipi. Kama aliandika kwamba fedha zilizoingia tarehe fulani hazikuelezwa chanzo, barua mpya ya binti ieleze hela hizo na kuambatanisha rekodi ya kuzituma. Kupeleka upya karatasi zilezile na kuongeza ukurasa wa kuomba huruma huleta jibu lilelile. Fomu mpya itauliza kama mtu aliwahi kunyimwa viza, na jibu ni ndiyo, hata kama ni nchi nyingine na miaka mingi iliyopita. Kuficha, au kuweka taarifa ya benki ya kughushi, kunahesabiwa kuwa ni udanganyifu, na anayebainika anaweza kufungiwa kupata viza kwa miaka kumi.

Viza ikitoka, nakala ya barua iende na mama kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku. Afisa wa mpakani uwanja wa Heathrow ana haki ya kumuuliza tena anakwenda wapi, atakaa muda gani na nani anagharamia. Kama Kiingereza kinamsumbua mama, anaweza kuomba mkalimani. Namba ya simu ya binti iwe hewani saa ile ndege inapotua, maana afisa anaweza kumpigia.

Na wiki sita zikiisha, mama aondoke tarehe iliyoandikwa, au karibu nayo. Kisheria viza yake inaweza kumruhusu kukaa zaidi, lakini maombi yajayo yatauliza kuhusu safari hii. Uingereza haigongi muhuri wa kutoka kwenye pasipoti, kwa hiyo ahifadhi vipande vya tiketi alivyopandia ndege ya kurudi, pamoja na ukurasa wenye muhuri wa Uhamiaji wa siku aliyorejea Tanzania. Mtoto wa pili akizaliwa, binti ataweza kuandika katika barua mpya kwamba mama alikuja Mei 2026 na akarudi kwa wakati, na safari hiyo atakuwa na karatasi za kuonyesha.